Tarehe ya Kuanza Kazi

Fundi mitambo mmoja, mwanamke mwenye mikono ya kazi na ulimi wa pole, alikuwa ameshakubaliana mshahara na kiwanda kipya, mji mwingine kabisa. Ilibaki kusaini mkataba. Mumewe alipojua kwamba kwenye barua pepe ameomba siku za likizo tu, alimkamata nywele akamgongesha uso mezani.

"Likizo za kumpeleka nani wapi? Omba bonasi ya kusaini. Iingie kwangu."

Akaandika, damu ikidondokea kibodi ya kompyuta. Bwana yule, ambaye tangu aachishwe kazi hajui kazi nyingine zaidi ya ngumi, alisimama nyuma yake akisoma kila neno.

Afisa ajira alijibu kwa heshima: mshahara haubadiliki tena, bonasi itatolewa, ila atairudisha akiacha kazi kabla ya mwaka. Kuanza ni mwezi ujao. Mume akacheka siku hiyo nzima, na hilo lilimtisha mkewe kuliko makofi. Mwezi mzima na mtu huyu? Angezikwa kabla ya kuripoti kazini.

Mume alipoingia kuoga, mkewe aliandika upya: "Naomba kubadilishana. Bonasi niiache, nianze Jumatatu, nipewe chumba kwenye nyumba za wafanyakazi." Jibu lilikuja kabla maji hayajafungwa: sawa, barua mpya hii hapa. Akasaini papo hapo kwenye simu. Kosa lake lilikuwa kuiacha wazi.

Jamaa alisoma akiwa bado na taulo. Alichukua pasi ya umeme, akaishusha kwenye mkono wa kulia wa mkewe, mfupa ukalia. Akampiga teke la mbavu, kisha akakaa kuandika mwenyewe kwa jina la mkewe: bonasi irudi, la sivyo siji. Mpumbavu wa kupindukia. Anayejibishana hivyo baada ya kusaini hupoteza kazi yenyewe.

Simu ikaita. Ni afisa ajira, mwanamke.

"Sema unataka pesa," mume alinong'ona, akaiweka simu kwenye spika, kisu kikigusa shingo ya mkewe.

Hofu ilimjaa, lakini hasira iliizidi. "Dada, si mimi niliyeandika. Mume wangu amenivunja mkono na ameshika kisu."

Kisu kilimchana sikio. Akapiga ukelele, akamng'ata mumewe kidole hadi jino likagonga mfupa.

"Kaka, nimesikia yote," ilisema simu. "Anwani yenu ninayo. Polisi wanapigiwa sasa hivi na mwenzangu hapa."

Mume akatazama simu, akatazama mlango, akatoka mbio na taulo lake.

"Dada, uko hapo?"

"Nipo." Alikuwa sakafuni, mkono umekaa vibaya, analia kwa sauti bila aibu. "Jumatatu sitaweza. Naomba mnisogezee tarehe."

"Tutaisogeza mpaka mkono upone," alijibu afisa. "Chumba kitafunguliwa leo."