Mikate Mitatu Isiyoandikwa

Mimi ni mtu wa shaka, na sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa na kazi. Miaka michache baada ya mapinduzi niliajiriwa ukarani katika ofisi ya mikopo ya vyama vya ushirika, ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Mji Mkongwe iliyokuwa ikivuja kila masika. Kazi yangu ilikuwa kukagua mipango ya biashara ya watu waliotaka fedha. Mkuu wangu, mzee mmoja mkimya, alinipa wosia mmoja tu siku ya kwanza: hesabu ya kweli huwa na makombo, na ukiona safi mno, jua kuna mtu keshafagia.

Basi ulipofika mpango wa tanuri la mikate la Mkokotoni, niliukunjia uso hata kabla sijamaliza ukurasa. Tarakimu zote zilikuwa zimenyooka.

Mwombaji alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenyeji wa Tumbatu aliyehamia Mkokotoni, akichoma mikate ya boflo katika kijitanuri nyuma ya nyumba yake. Alitaka mkopo wa kujenga tanuri kubwa kwa niaba ya kikundi cha wanawake wanane. Mpango uliandikwa na kaka yake, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri wa kutia wivu. Waliuleta wenyewe ofisini. Nilimwamkia yule mama shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, na muda wote huo mimi macho yangu yako kwa kaka.

Hesabu zao zilikuwa hivi. Gharama za kila mwezi ambazo hazijali umeuza au hukuuza: kodi ya chumba shilingi arubaini, mishahara ya wachomaji wawili mia tatu, na rejesho la mkopo sitini. Jumla mia nne. Boflo moja watawauzia wachuuzi kwa senti ishirini na tano. Kulitengeneza kunakula unga wa senti kumi na moja, kuni senti mbili, hamira, chumvi na mafuta senti mbili. Hizo ni kumi na tano. Kwa hiyo kila mkate ukiuzwa unabakisha senti kumi, na ni hizo kumi ndizo zinazobeba kodi, mishahara na mkopo. Shilingi mia nne ni senti arubaini elfu. Gawa kwa kumi, unapata mikate elfu nne kwa mwezi. Ikiuzwa hiyo, hawapati wala hawapotezi. Wao walisema watauza mia na hamsini kwa siku, yaani elfu nne na mia tano kwa mwezi, na faida yao ni shilingi hamsini.

Wengi waliokuja kwetu walikuwa wakigawa gharama kwa bei nzima ya kitu, wakasahau kwamba unga nao unataka kulipwa. Huyu mwalimu hakukosea hapo. Na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Yule mama alikuwa ameshauza bangili zake mbili za dhahabu, akanunua milango ya chuma ya tanuri na sinia za kuchomea. Vyote vilikuwa vimelala bandani vikipigwa na upepo wa chumvi. Alinieleza bila ya kulalamika, lakini nilielewa: mkopo ukikosekana, bangili zimekwenda na chuma kitaoza.

Nikapanda gari la abiria kwenda Mkokotoni. Mwenye nyumba nilimuuliza kodi, akasema arubaini. Niliwafuata wachuuzi waliotajwa, mmoja mmoja, na mwenye mkahawa wa sokoni, na mtu anayevusha bidhaa kwenda Tumbatu. Niliwauliza kila mmoja peke yake, wasipate kupatana maneno. Kila mmoja alisema mkate wa mjini huwafikia mchana umeshakauka, na kila mmoja alitaja idadi ileile iliyomo kwenye mpango. Kuni niliuliza bei kwa wauzaji wawili. Kila kitu kilikuwa sawa, nami nikazidi kununa.

Lililobaki ni unga. Gunia la uzito wa ratili mia mbili lilikuwa shilingi sitini na sita, nao walidai linatoa mikate mia sita. Hapo ndipo watu wanapodanganya, maana hakuna anayehesabu. Nikamwomba yule mama anichomee mbele yangu. Nilipima mwenyewe ratili kumi kwenye mizani, nikakaa juu ya kibao jikoni kwake tangu unga unakandwa mpaka unaumuka. Madonge yaliyoingia tanurini nilihesabu thalathini kamili, kama mpango ulivyosema.

Niliitwa mlangoni kupokea kikombe cha chai. Niliporudi mikate imeshatolewa, imo kwenye pakacha. Nikahesabu. Ishirini na saba.

Nikahesabu tena. Nikatazama nyuma ya nyumba, nikamwona kaka mtu anapotea uchochoroni, amefunika kitu kwa kitambaa chini ya kwapa.

Nilimuuliza mama mikate mingine mitatu iko wapi. Aliinamisha uso, akasema imetoka. Nikauliza imetoka kwenda wapi. Akasema, "Imetoka tu, mwanangu. Hiyo usiihesabu."

Kwa mtu kama mimi, kuambiwa usihesabu ni sawa na kuambiwa chimba hapa. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikipiga hesabu kwenye karatasi ya maandazi. Mikate mitatu katika thalathini ni mmoja katika kila kumi. Ukichoma kumi unatumia senti mia na hamsini, na ukiuza tisa unapata mia mbili ishirini na tano. Zinabaki sabini na tano kwa mikate tisa, yaani senti nane na theluthi moja kwa kila mmoja unaouzwa, si kumi. Senti arubaini elfu kwa nane na theluthi ni mikate elfu nne na mia nane. Mia na sitini kwa siku, na wao wana wateja wa mia na hamsini. Kila mwezi watapoteza shilingi ishirini na tano.

Nilifurahi. Naona haya kulisema, lakini nilifurahi. Niliandika kwenye faili kwamba mkopo usitolewe, na chini yake nikaongeza kwamba sehemu ya kumi ya mikate inatoweka, na kwamba kaka wa mwombaji asikabidhiwe ufunguo wa ghala lolote. Mkuu wangu alisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu.

Barua ya kukataa ikaenda, na maneno yangu yote ndani yake. Siku ya nne yule mama alikuja peke yake, amejifunga buibui, ameishika barua kwa ncha mbili za vidole. Alikaa mbele ya meza yangu, akangoja mpaka karani mwenzangu alipotoka. Ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Nyuma yangu kuna nyumba tatu. Moja ya kizee kipofu, moja ya mjane na wanawe, moja ya mwalimu wa chuo cha Kurani asiye na chake. Harufu ya mkate inawaingilia ndani kila asubuhi. Mimi siwezi kumpelekea mtu harufu bila ya mkate. Kaka yangu ndiye anayepeleka, kwa mlango wa nyuma, ili wasione haya."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao sasa ulikuwa wa kujikinga tu, kwa nini hakuniambia palepale, na kwa nini kaka yake hakuiandika.

"Sadaka haitangazwi," akasema. "Hiyo ni baina yetu na Mungu. Leo umenitangazisha."

Aliiweka barua juu ya meza akaielekeza kwangu, akaweka kidole penye ule mstari wa sehemu ya kumi.

"Mie si msomi, lakini hii nnaiuliza. Tanuri likiwa kubwa, nyumba zitaongezeka?"

Niliivuta karatasi yangu nikapiga hesabu upya. Mikate mitatu kwa thalathini ni sehemu ya kumi, lakini kwa mia na hamsini bado ni mitatu. Majirani hawaumuki pamoja na unga. Mimi mkaguzi, niliyewacheka wengine kwa kuchanganya gharama zinazopanda na mauzo na zile zinazokaa palepale, nilikuwa nimeichukua gharama ya kukaa palepale nikaifanya ya kupanda. Mikate mitatu kwa siku, senti kumi na tano kila mmoja kwa sababu hiyo ndiyo gharama ya kuuchoma, ni senti arubaini na tano. Kwa siku thalathini ni shilingi kumi na tatu na nusu. Gharama za mwezi ni mia nne kumi na tatu na nusu, kila mkate unaouzwa unabaki na senti zake kumi, na kiwango ni mikate elfu nne mia moja thalathini na mitano. Mia na thalathini na minane kwa siku. Wana wateja wa mia na hamsini. Tanuri linasimama, na kila mwezi watabakiwa na shilingi thalathini na sita na nusu.

Mtu mwingine angeomba radhi hapohapo. Mimi nilipanda gari tena kwenda kuziona zile nyumba tatu. Ndivyo nilivyokuwa. Kile kizee kipofu kilisikia nyayo zangu kikauliza kama na mimi nimeletewa mkate. Nilirudi barabarani nikasubiri gari la mjini, na sikumtazama mtu usoni.

Kamati ya mikopo ilikubali kuifungua upya kesi. Katika gharama za kila mwezi ilinibidi niongeze mstari, nikaandika: majirani, shilingi kumi na tatu na senti hamsini. Wajumbe waliniuliza maana yake, nami nikalazimika kuieleza ile siri mbele ya wanaume saba. Mkopo ulipita. Niliomba pia yale maneno yangu juu ya kaka mtu yafutwe. Mwenyekiti alisema kilichokwishaandikwa hakifutwi, na kwa tahadhari sharti la ufunguo libaki. Nilibishana mpaka nikaambiwa nikae.

Siku tanuri lilipowashwa nilikwenda. Ufunguo wa ghala ulikuwa kiunoni mwa mwanamke mwingine wa kikundi. Kaka mtu alikuwa amekaa barazani ng'ambo ya njia. Nilimwamkia. Akaniitikia, kwa sababu shikamoo haikataliwi, kisha akageukia upande wa pili. Hakusema nami tena mpaka alipofariki.

Yule mama alinifungia boflo la moto kwenye gazeti. Nikatoa senti ishirini na tano. Akazisukuma kurudi kwangu, akasema harufu imeshanifika, mimi ni nyumba ya nne. Niliwaza kwamba huu ni mkate wa mkopaji kwa mkaguzi wake, na kwamba una jina lake kisheria. Niliwaza pia kwamba nyumba ya nne ni shilingi nne na nusu kwa mwezi, na kwamba bado wanazimudu. Nikaupokea.

Nyumbani niliukata katikati, nusu nikampelekea jirani yangu wa chini, kwa mlango wa nyuma. Nilifanya hivyo kila niliponunua mkate, miaka mingi, na sikumwambia mtu. Ilikuwa gharama yangu ya kila mwezi, na sijaiandika popote mpaka leo.