Basi Lililowahi Makaburini

Mama yangu alifariki kabla ya alfajiri katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, na mimi nilikuwa Malindi, nilikoolewa. Mama mdogo ndiye aliyenipigia. Alisema maziko ni adhuhuri, nije upesi, nami nikamjibu kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyeamua. Nina hasira za karibu, na msiba hauzipunguzi.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Sisi tunaagana na maiti nyumbani. Tunamuosha wenyewe kama ni mwanamke mwenzetu, tunamkafini, uso unaachwa wazi kwa muda ili aliye wake amtazame, kisha unafunikwa, wanaume wanaliinua jeneza na ndiyo basi. Mimi ni mtoto wa pekee. Kumwagia mama yangu maji ya mwisho ilikuwa haki yangu, na kumtazama uso pia. Hayo mawili ndiyo niliyokuwa nikiyafukuzia, wala si kingine.

Mjomba, kaka yake mama, naye anakaa Malindi. Tukakubaliana tupande basi la saa moja, kwa sababu kutafuta gari la kukodi asubuhi ile kungetuchelewesha zaidi, na basi lile lina sifa ya kushika saa. Dereva wake nilimjua kwa sura tu. Mtu wa bara, mnene, mpole, aliyebandika ratiba yake kwa utepe juu ya dashibodi: Gede, Kilifi, Mtwapa, Kongowea, mjini, kila kituo na saa yake. Mjomba alipomwambia tunakwenda kuzika, alizima redio bila kuombwa. Mjomba akaketi mbele karibu naye. Mimi nikaenda nyuma kabisa, nikajifunika buibui hadi usoni nipate kulia bila kutazamwa.

Tulifika Kilifi kwa saa ileile iliyoandikwa. Tukavuka daraja, na hapo ndipo magari yaliyotoka Mombasa yakaanza kutuwashia taa. Dereva akapunguza mwendo, akaegesha Mavueni, akapiga simu. Alipogeuka kutukabili nilijua kuna jambo. Alisema lori la mafuta limepinduka katika Daraja la Nyali, la kuingilia kisiwa cha Mombasa, mafuta yanamwagika, na polisi wamefunga njia pande zote mbili. Hata mtu wa miguu haruhusiwi kukaribia. Hakuna aliyejua litafunguliwa lini.

Basi lote likaanza kusema kwa pamoja. Mmoja akataka turudi, mwingine akataka tufike Kongowea tusubiri huko, na mimi moyoni nilimlaani mwenye lori, na mafuta yake, na aliyelijenga daraja. Dereva aliwaacha wachoke. Kisha akaeleza taratibu. Kutoka pale Mavueni kulikuwa na njia moja tu nyingine ya kuingia kisiwani: kukata kulia hadi Kaloleni, kuteremka hadi barabara kuu ya Nairobi, kisha Miritini, Changamwe na kuingia kwa Makupa. Tukipita Mavueni tukaenda kukwama Kongowea, ingebidi turudi njia yote ile kuifuata. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa pale pale.

Lakini hakuweza kukata kona tu akaenda. Kibali chake kilikuwa cha njia ya pwani, hivyo akaipigia ofisi ipate kuwaarifu askari wa barabara kwamba amegeuzwa njia na ajali. Palikuwa na abiria wa Mtwapa na Bamburi ambao njia ya Kaloleni ingewapeleka mbali kabisa na kwao. Basi jingine la kampuni ileile lilikuwa nyuma yetu, na hilo lingeishia Kongowea na kugeuza. Akapanga wetu wa Mtwapa na Bamburi wahamie humo, na wale waliokuwa humo wakienda mjini waje kwetu. Halafu kulikuwa na safari yake ya kurudi: adhuhuri alitakiwa aondoke mjini akiwa na abiria waliokwisha kata tiketi. Hiyo asingeiwahi kwa vyovyote. Akaomba dereva aliyelala mjini ashike zamu yake ya adhuhuri, apite Makupa na Kaloleni kinyume chetu, naye achukue ya jioni ya mwenzake. Akatazama geji ya mafuta, akahesabu kwa vidole, akasema yatatosha.

Yote hayo aliyafanya amesimama kando ya mlango, simu sikioni, huku utingo akishusha mizigo na kupandisha mingine. Alikuwa mwepesi na hakumfokea mtu. Leo nakiri kwamba sijaona mtu akipanga upya jambo kubwa namna ile kwa utulivu. Wakati ule nilitamani kumpiga. Kulingoja lile basi la nyuma kulikuwa kunanila roho, na kila mzigo ulioshushwa niliuona umepakiwa juu ya kifua changu.

Njia ya Kaloleni ni ya vilima na kona. Kidhibiti mwendo kilikuwa kinalibana basi, likifika themanini linajivuta, na penye mlima halikufika hata hiyo themanini. Tulikuwa tunapita kwenye minazi simu yangu ilipolia. Nikasikia maji nyuma ya sauti ya mama mdogo.

"Twamuosha sasa, mwanangu," alisema. "Hatuwezi kungoja tena. Lakini uso tutauwata wazi mpaka uje. Jeneza haliinuki bila wewe kumuona, nishawaambia wanaume."

Nililia hadi abiria wa kiti cha mbele yangu, mama mmoja wa makamo, akageuka akanishika mkono na hakuuachia hadi tulipoikuta barabara kuu. Haki moja ilikuwa imenipita mahali fulani kati ya minazi ya watu nisiowajua. Nikaishikilia ile iliyobaki.

Barabara kuu ilijaa malori, na kwa kuwa kila gari lililokusudia Nyali lilikuwa limegeuzwa kuja huku, tulianza kutambaa kuanzia Miritini. Kule mbele Mjomba na dereva walikuwa wakizungumza. Niliwaona vichwa vyao vimeinamiana, sikusikia kitu kwa mngurumo. Mambo waliyozungumza nilikuja kuambiwa baadaye. Dereva aliuliza maziko ni wapi. Mjomba akamtajia, na kumbe makaburi yenyewe hayako mbali na barabara tunayoingilia kutoka Makupa, kabla ya kufika ofisini kwao. Dereva akapanga tena. Akaiomba ofisi ruhusa asisimame Changamwe kushusha vifurushi, avipeleke baadaye, na badala ya kwenda stesheni kwanza atupitishe makaburini, mlangoni kabisa. Kwa hesabu yake tungewahi. Mjomba alifurahi mno. Alichokuwa akikiogopa yeye ni kukosa kumtia dada yake kaburini, na sasa alikuwa ameepushwa. Akapiga simu nyumbani palepale, akasema: "Tunakuja moja kwa moja makaburini. Msitungojee."

Simlaumu mtu kutaka kumzika dada yake. Namlaumu kwa neno lile "tunakuja." Alikuwa amenisahau nyuma ya basi. Mtu mzima aliyezika wengi, anayeijua desturi yetu kuliko mimi, alinisahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

Mimi nilijua tumewahi nilipoona tumeshapita Makupa na adhana bado. Nikaanza kujiweka sawa, nikapangusa uso, nikatafuta viatu vyangu chini ya kiti. Kisha basi likapinda, likasimama, na dereva akanyanyuka kitini mwake. Akaja mwenyewe hadi nyuma, akipita kati ya abiria, jasho limemlowesha shati mgongoni. Alikuwa anatabasamu ile tabasamu ndogo ya mtu anayemletea mfiwa kitu.

"Mama," aliniambia, "tumefika kabla yake."

Nikatazama dirishani nikaona ukuta wa makaburi na wanaume wachache wenye kofia wamesimama kivulini. Huko kwao bara mtoto wa kike husimama kando ya kaburi la mama yake, hurusha udongo kwa mkono wake. Alifikiri amenipa hicho. Alikuwa amevunja ratiba yake mara mbili, amechelewesha vifurushi vya watu na kujiweka katika hatari ya kukemewa, ili aniweke pale ambapo mimi siruhusiwi kuwa.

Niliteremka na hasira zangu zote za tangu Mavueni, nikampita Mjomba, ambaye alipoyaona macho yangu alikumbuka, kwa sababu alishika kichwa kwa mikono miwili. Nikapanda tuktuk ya kwanza.

Njiani nilipiga simu nyumbani. Hakuna aliyepokea. Wakati jeneza linatoka hakuna anayeshika simu. Njia ilikuwa imejaa magari ya watu waliogeuzwa kutoka darajani, na kijana wa tuktuk alijitahidi sana, alipenya pembeni, alipanda juu ya ukingo, hadi tukafika mdomo wa kichochoro chetu. Hapo akazima injini. Wanaume walikuwa wanatoka na jeneza mabegani, wakipokezana, wakienda kasi kama ilivyo kawaida, na kisutu cha mama cha kijani, leso aliyokuwa akiivaa sikukuu, kimetandikwa juu. Watu wote barabarani walisimama. Nami nilisimama. Ningeita wangenishushia, najua wangenishushia. Lakini sanda ilikuwa imeshafungwa na adhana ilikuwa inaadhiniwa, nikawaacha wapite. Alipita mbele yangu karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

Nyumbani wanawake walikuwa wameketi mkekani, udi bado unafuka. Mama mdogo aliponiona alipiga kelele moja kisha akajiziba mdomo. Alisema, "Twaliuwata uso wazi, mwanangu. Twalikuwa twakungoja. Kisha tukaambiwa mwaenda makaburini, nikasema basi, hapiti tena huku. Nimeufunika mimi mwenyewe kwa mkono wangu." Akanionyesha ule mkono. Nikaulaza uso wangu juu yake, kwa kuwa ulikuwa wa mwisho kumgusa.

Baada ya siku za msiba nilirudi Malindi. Daraja lilikuwa limefunguliwa siku nyingi na basi lilikuwa lilelile. Dereva aliniona nikipanda akanitambua, akateremka kunipokea mfuko wangu. Akanipa pole kwa heshima zote. Kisha akasita, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa na swali lile kwa muda:

"Siku ile, mama, ulimwona?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyaandaa, mengine usiku kucha. Nikamtazama uso wake ule mpana, wa mtu aliyeniletea msiba wa pili bila kujua.

"Nilimwona," nikamwambia. "Mungu akujalie heri."

Alivuta pumzi kwa furaha, akarudi kwenye usukani, na tukaondoka kwa wakati.