Mstari Nilioufuta Kwenye Taarifa

Asubuhi hiyo lori letu la maziwa lilirudi Nakuru kutoka Elburgon likiwa tupu. Dereva wetu mmoja alikuwa ameandika Facebook kwamba wakulima wetu wananuka kuliko ng'ombe wao, nao wakaapa hatutaona tone lao tena.

Kazi ya kuwajibu ilikuwa yangu. Mkurugenzi aliingia ofisini kwangu akihema. "Madam, andika tumemfuta kazi. Sasa hivi."

"Boss, hajasikizwa. Tukimfuta hivyo, atatupeleka kortini na atashinda. Leo tunatoa taarifa fupi: tumeiona posti, tunaomba radhi, tunachunguza, kesho saa nne tutawaambia tulipofika. Jina lake hatutaji, na anayeongea na wakulima ni mtu mmoja tu."

"Mimi hata sijaiona hiyo posti, nimeambiwa tu," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Mwambie aitoe."

Hapo nikaanza kumtazama vibaya. Huyu ambaye barua hulala mezani kwake wiki mbili ikingoja sahihi, leo anakimbizwa na nini?

"Haitoki kabla sijaweka ushahidi," nilimwambia. Nikaifungua posti na kuipiga picha yote, hadi majina ya waliobonyeza alama ya kucheka. Jina la tatu lilikuwa la mkurugenzi.

Nikamgeuzia simu.

Taarifa niliyokuwa nimeanza kuiandika ilikuwa bado imefunguliwa kwenye kompyuta, na mstari wake wa pili ulisema: "Haya si maoni ya kampuni." Nikaufuta, yeye akiona.