Jibu kwa Afande wa Mbale

Ujumbe uliingia nikiwa nimelala chini ya jenereta ya kinu cha kusaga mahindi, Mafubira nje ya Jinja, mikono imejaa grisi. Ulisema kuna nafasi ya mlinzi Iraki, anatakiwa mtu aliyewahi kushika bunduki, aje na karatasi zake za kuachishwa jeshi, vipimo vya hospitali wiki ijayo. Mwisho uliuliza: "Uko tayari? Jibu."

Haukuwa na jina, na jina halikuhitajika. Sisi tuliotoka jeshini baada ya vita vya kaskazini tulimjua aliyetuma. Alikuwa mama mmoja, askari magereza mstaafu, mwenye ofisi Mbale juu ya duka la jumla la sabuni. Kampuni zilimlipa azitafutie watu. Sisi tulimwita Afande, kama zamani.

Kazi ile sikuitaka. Tangu niweke bunduki chini, mikono yangu ilitulia pale tu ilipogusa injini. Lakini Afande hakutafuta walinzi peke yake. Miaka ile watu wa kaskazini walikuwa wanatoka makambini kurudi kwenye mashamba yao, na wachimba visima waliowafuata huko walihitaji mafundi wa jenereta. Mafundi nao walipitia kwake. Mimi niliacha shule darasa la sita, sina cheti, na ufundi wangu niliuokota kwa kuchungulia kazi za watu kutoka Jinja hadi mpakani. Nani mwingine angenipeleka huko?

Wenzangu walijua njia moja ya kumkataa Afande: kuzima simu na kutupa laini. Askari hamwambii afande hapana. Anapotea tu. Nami nilikuwa nimeshafungua simu kutoa laini pale jirani yangu aliponiona. Alikuwa mama wa Kiislamu, muuza vitenge, aliyekuwa akifuata mzigo Mbale kila mwezi.

"Unamkimbia mwanamke gani tena?" aliuliza.

"Si mwanamke, mama. Ni Afande."

"Afande si mwanamke?" Akacheka, akaketi juu ya robota lake. Nikamsomea ule ujumbe. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi nikiletewa kitenge nisichokitaka, sijifichi nyuma ya duka. Namshukuru tajiri kwa kunikumbuka. Namwambia mapema kwamba hiki sichukui, asije akaniwekea. Kisha namwambia ninachouza mimi ni kipi, akikipata aniite. Na nikimjua mtu anayekitaka hicho, namtaja. Mwezi ujao nikienda, bado ananipa kiti."

"Nimtaje nani?"

"Humo jeshini mlikuwa wawili tu? Lakini muulize kwanza huyo mtu. Usiuze jina la mwenzio bila yeye kujua."

Nilimkumbuka mmoja. Tulilala hema moja muda mrefu, kisha akahamishiwa kikosi kingine. Yeye alipenda bunduki na alitaka sana kuona nchi za mbali. Kwao ni Budondo, na namba yake nilikuwa nayo bado. Nikampigia palepale.

Simu ikapokelewa.

"Haloo! Ndugu yangu, unanikumbuka?"

Kimya. Nikasikia mtu anapumua, na nyuma yake kuku, na mchi ukitwanga mbali. Nikataja jina langu, nikataja kikosi chetu. Pumzi ikasogea karibu, kana kwamba sikio lilikuwa linabanwa zaidi kwenye simu. Haikukatwa. Nilisema na ile pumzi mpaka salio likaisha.

Kesho yake ikawa vilevile. Muuza vitenge alichukua simu akasikiliza mwenyewe, kisha akanirudishia haraka, akafuta mkono kwenye gauni.

"Huyo anakusikia," alisema. "Nenda ukamwone kwa macho."

Nilikwenda Budondo asubuhi. Pale senta, penye maduka, waliniuliza ninamtafuta nani, na nilipomtaja wakanionyesha njia bila kusema zaidi. Nyumbani nilimkuta mama yake, peke yake uani. Nilimsalimu kwa Lusoga, lugha ya huko, ninayoiungaunga tu. Nilipomwambia ni mimi niliyepiga, alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na simu imefungwa ndani ya kitambaa safi. Ilikuwa na joto bado. Alikuwa ametoka kuichaji senta, kama alivyofanya kila chaji ilipopungua.

Mwanawe aliiacha alipokuja likizo ya mwisho. Alimwambia: kaa nayo mama, nitakupigia. Hakupiga, hakurudi, na jeshini hakuna aliyekuja kumwambia lolote.

"Mbona husemi, mama?"

"Mnaongea Kiswahili, lugha ya jeshi," alijibu. "Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kumchukua. Nikijibu vibaya, si nitamponza?"

Kisha akanipa simu nimsomee. Ujumbe ulikuwa uleule wangu, na chini yake mwingine kama huo, na mwingine, mpaka simu ikawa haina nafasi tena. Uko tayari? Jibu. Uko tayari? Jibu. Nilimfasiria, na wakati ninasoma nikajikuta ninatazama mlango wa nyumba, kama mtu anayengoja aliyeitwa atoke.

Mama alitikisa kichwa taratibu. Alionekana kuridhika.

"Unaona? Mtu haandikiwi kama hayupo."

Nikamrudishia simu, akaifunga tena kwenye kitambaa. "Usiwaambie waache," alisema. Nikanywa chai yake, nikaondoka.

Jioni niliandika, nikafuta, nikaandika tena:

"Afande, asante sana kwa kunikumbuka. Nafasi ya Iraki sitaichukua, sitaki kushika bunduki tena, kwa hiyo mpe mwingine usinisubiri. Kazi yangu sasa ni jenereta na pampu. Ikitokea ya namna hiyo, hata kaskazini, niite, nakuja siku hiyohiyo. Nikimpata anayetaka ulinzi, na yeye akikubali, nitamleta kwako."

Alipiga kabla sijaweka simu chini. "Njoo Mbale," alisema, akakata.

Ofisini kwake ukungu wa mlimani ulikuwa umekaa hadi dirishani na harufu ya sabuni ilipanda kutoka chini. Nilisimama wima bila kutaka.

"Kaa, bwana. Wewe ni mtu ya kwanza kuambia mimi hapana," alisema kwa Kiswahili chake cha magereza. "Ile ingine yote nakufa ama nakimbia, mimi najuaje? Napiga simu, napiga, hakuna mtu." Alisogeza simu yake juu ya meza. "Lakini moja iko, ya Budondo. Yeye anashika. Anasikia mimi mpaka mwisho. Hasemi. Wewe najua yeye?"

Ningeweza kusema simjui. Lakini nilikuwa nimeahidi kumletea watu, naye angeendelea kumngoja mtu huyo. Nikamwambia yote, pamoja na ombi la mama kwamba wasiache.

Afande aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza. Hakuuliza tena habari za Iraki. Alichukua kalamu akauliza jenereta za aina gani ninazifahamu.

Mvua zilikuja zikaisha kabla hajaniita. Kisima kilikuwa kaskazini, fundi aliyekuwapo ameugua, gari linaondoka Mbale kesho. Nilimshukuru, kisha nikauliza kama ameacha kupiga Budondo.

"Kuandika niliacha," alisema. "Lakini napiga. Ijumaa tu. Sisemi kitu."

Kabla ya kusafiri nilipitia kwa yule mama kumuaga. Nilimkuta amekaa mlangoni, simu ipo mapajani, uso umechangamka kuliko siku ile ya kwanza. Alinivuta mkono nikae karibu.

"Wale wa lugha ya jeshi wameacha," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sasa anapiga mwenyewe. Hasemi, anapumua tu. Lakini mimi pumzi ya mwanangu si naijua?"

Ilikuwa Ijumaa. Simu ikaanza kulia, akaiweka sikioni, akafumba macho. Nikainuka polepole, nikatoka uani nikikanyaga pembeni mwa njia ili viatu vyangu visisikike.