Mlango wa Mashariki

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba naandika kwa ufupi. Maneno mengi ni ya wanasiasa, nilikuwa nikisema. Sasa nikikumbuka majivuno hayo, uso unapata joto.

Nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa hosteli ya wasichana ya chuo kimoja Ruangwa, jengo la ghorofa tatu lenye ngazi mbili, moja kila upande. Kwangu ni Nachingwea, na kazi ilipofika mwishoni nilikuwa naiendesha zaidi kwa simu. Fundi wa milango alikuwa mzee mmoja wa Malolo, Mmwera, mwenye mkono mzuri kuliko seremala yeyote niliyefanya naye kazi. Aliniita injinia ingawa alijua mimi ni fundi sanifu tu, nami sikumsahihisha hata siku moja.

Mlango mkubwa wa magharibi ulikuwa wa vioo, umewekwa na watu wengine. Yeye alibaki na ule wa mashariki, chini ya ngazi ya dharura. Nilimwandikia: “Mzee, mlango wa mashariki ufunguliwe kwa nje.”

Siku ya kukabidhi jengo mvua ilikuwa imenyesha, upande wa mashariki kulikuwa na tope, na gari la Nachingwea lilikuwa linajaza abiria. Nikaangalia magharibi, nikasaini kote.

Wiki chache baadaye askari wa zimamoto, mama mmoja mkali, alikuja kufanya zoezi la kuhama jengo. Saa nne asubuhi kengele ikalia. Nami niliitwa, nikasimama naye uani upande wa mashariki, na hapo ndipo nilipouona mlango ule kwa mara ya kwanza: komeo lilikuwa nje, na lilikuwa limefungwa. Ndani tukasikia viatu vikishuka ngazi, vicheko, halafu kishindo cha watu kugonga ubao, halafu vicheko vikaisha.

Askari alilivuta komeo. Mlango haukwenda popote, kwa sababu ulifunguka kuelekea ndani, na ndani wasichana walikuwa wameshaulalia. Sisi tunasukuma, wao wanasukumwa na wenzao wa nyuma. “Rudini juu!” alipiga kelele. “Rudini nyuma, nyie wa ngazini!” Ilichukua muda mpaka wa nyuma wakaelewa. Msichana wa kwanza kutoka alikuwa ameshika kifundo cha mkono, kimevunjika, analia bila sauti. Na hapakuwa na moshi hata kidogo.

Baadaye askari alipanda ghorofa ya juu na futi ya kamba. Alipima kuanzia kona ya mbali ya chumba cha mwisho, akizunguka vitanda, akifuata njia ambayo mguu unapita. Hadi ngazi ya mashariki, mita tisa. Kisha akageuka akapima hadi ngazi ya magharibi, korido nzima: hamsini na moja. “Ngazi mbili ni mbili zote zikitoka,” alisema. “Huyu wa chumba hiki mlimpa tisa kwenye karatasi. Mlichompa kweli ni hamsini na moja, tena ndani ya moshi.”

Mkuu wa chuo, aliyekuwa amemwita fundi na kupanda naye, alimgeukia mzee. “Nani alikwambia uweke komeo nje?”

Mzee alinitazama. Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kusema neno. Mimi nikaangalia futi ya kamba.

“Labda sikuelewa,” akasema mzee. “Nilidhani ni ili waokoaji wafungue wakifika. Kiswahili chenu cha maandishi hiki, mkuu, wakati mwingine kinanipita.”

Chuo kilikuwa kinajiandaa kujenga hosteli ya pili, na milango yake ilikuwa iwe kazi ya mzee. Mkuu alimwambia palepale kwamba atatafuta fundi mwingine.

Kesho yake nilirudi. Mzee alikuwa amegeuza bawaba, ameng'oa komeo, ameziba matundu kwa nta na vumbi la mbao. Aliniingiza ndani, akafunga.

“Sukuma, injinia.”

Nilisukuma kwa kiganja, ukaenda wote hadi ukutani.

“Ungeandika neno hilo,” alisema, akikusanya misumari. “Na mimi niliuliza.”

Nilitoa simu. Chini ya ujumbe wangu kulikuwa na wake: “Sawa injinia, komeo nimeweka nje. Sasa walio ndani watatokaje?” Chini yake, jibu langu: kidole gumba.

Mzee alikuwa nayo simu yake mfukoni jana yake, mbele ya mkuu. Hakuitoa.

Ofisi ya mkuu ilikuwa wazi, ng'ambo ya uwanja, hatua kama thelathini. Nilimwona amekaa mezani. Nikamshukuru mzee, nikaenda kupanda gari la Nachingwea.