Mdogo Wangu Alininyima Dole Gumba Kwenye Mdahalo wa Mimba

Jamani, niliwahi kusimama mbele ya watu arobaini, kipaza sauti mkononi, dakika kumi na saba nzima, nisiruhusiwe kujibu hoja hata moja.

Aliyenizuia ni mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja. Na kabla ya siku hiyo tulikuwa hatujasemeshana miezi kumi na moja.

Kaeni vizuri niwape kisa.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni vichwa na maneno. Mteja akikaa kwenye kiti changu, nywele zinasukwa na habari za mtaa mzima anaondoka nazo. Hawakuniita Redio bure.

Mdogo wangu ni kinyume changu. Anafanya kazi maabara ya hospitali, anashinda na darubini, na akitoa sentensi tatu mfululizo watu wanageuka kumtazama.

Basi alinikatia mawasiliano. Simu hapokei. Tukikutana kwa mama, ghafla anakumbuka ana nguo kwenye kamba.

Nikimuuliza kosa langu ananijibu, "Hakuna kitu, dada."

Niliumia sana. Ndugu ninaye huyo huyo mmoja.

Sasa, maktaba ya mtaani kwetu ina mdahalo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu tunayemwita Kipenga, maana anacho kipenga shingoni na anakipuliza kweli, bila aibu.

Ana sheria mbili.

Ya kwanza, msimamo huchagui. Unachota karatasi kwenye kopo la biskuti. Ukipata upande usioupenda, utautetea hivyo hivyo.

Ya pili ndiyo iliyoniua. Kabla hujampinga mtu, unairudia hoja yake kwa maneno yako mpaka mwenyewe akunyooshee dole gumba. Hajanyoosha, hujibu.

Mada ya mwezi ule ilibandikwa mlangoni: "Utoaji mimba: aliyemo tumboni ni mtu tangu lini, na jibu hilo linaamua nini?" Chini yake kulikuwa na orodha ya wasemaji. Nikaliona jina la mdogo wangu.

Nikaandika langu hapo hapo. Nikasema moyoni, huyu leo atanisemesha, apende asipende.

Siku ikafika. Viti vya plastiki vimejaa, feni inazunguka kwa kulalamika, birika la chai liko kona. Wasemaji tulikuwa wanne.

Fundi pikipiki akaanza.

"Mimi sibishani kama ni mtu," akasema. "Tuseme ni mtu kamili, kama mimi na nyie. Haya, mtu kamili ana haki ya kuutumia mwili wa mwenzake bila ridhaa? Nikiwa nakufa, na figo yako ndiyo pekee inayonifaa, utanihurumia. Lakini hakuna wa kukulaza kitandani aichomoe kwa nguvu. Kwa hiyo kuthibitisha ni mtu hakujamaliza kesi."

Mwoka mikate, mama mmoja mnene mwenye kicheko, akairudia hoja ile vizuri. Dole gumba likanyooshwa mara moja.

"Lakini mwenye kuhitaji figo ni mgeni kwangu," akasema. "Huyu ni mwanangu, na mara nyingi sisi wawili ndio tuliomleta hapo, hakujileta. Tena kukunyima figo ni kukuacha ufe kwa ugonjwa wako. Kutoa mimba ni kitendo changu mimi."

Fundi akairudia hoja yake, akapewa dole, akauliza, "Na aliyebakwa? Yeye naye alimleta kwa hiari?"

"Hapo hoja yangu ya kwanza inalegea, nakubali," mama akasema. "Ya pili inabaki."

Ukumbi ukapiga makofi. Nikawaza, kumbe mchezo wenyewe rahisi.

Mama akaendelea na karatasi yake mwenyewe. "Unga na maji si mkate. Mkate ukitoka jikoni ni mkate. Katikati siwezi kukutajia dakika. Mimi nasema thamani inakua. Ya wiki ya sita si sawa na ya miezi minane, na kadiri mimba inavyokua, sababu ya kuitoa lazima iwe nzito zaidi. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinahesabu wiki."

Mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Mstari utauchora wapi? Ukisema ni pale anapoweza kuishi nje ya tumbo, basi utu unategemea mashine za hospitali iliyo karibu!"

Kipenga akapuliza. Mzee hakuwa ameomba dole la mtu.

"Ameniotea," mama akacheka. "Mstari mmoja sina. Ila kukosa mstari hakufanyi mwanzo na mwisho viwe sawa."

Zamu ya mdogo wangu. Alikuwa amechota karatasi iliyoandikwa "tangu mimba kutungwa."

"Sitatumia dini," akaanza kwa sauti yake ya chini, "ingawa wengi wanaoamini hivi wana dini pia. Mimi niliyesimama hapa niliwahi kuwa mtoto mchanga. Kabla ya hapo nilikuwa kijusi, kabla ya hapo kiinitete. Yai peke yake halikuwa mimi, mbegu peke yake haikuwa mimi. Vilipoungana, kikaanza kiumbe kipya kinachojikuza. Tangu siku ile hakuna siku aliyoingia mtu mwingine ndani yangu. Na kama thamani yangu inatokana na ninachoweza, kama kufikiri na kuhisi, basi mwenye akili nyingi ananizidi thamani, na aliyezimia hana kabisa. Tuko sawa kwa vile tulivyo, si kwa tunavyoweza."

Akakaa.

Mimi nilikuwa nimechota "utu huja na ufahamu." Bahati iliyoje, ndiyo imani yangu hasa! Nikashika kipaza sauti kwa mbwembwe.

"Mdogo wangu anasema," nikatangaza, "punje ya maharage ipewe kitambulisho!"

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Mikono ilibaki mapajani, na rangi ikamtoka usoni.

"Haya, haya," nikasema. "Unasema ni mtu kwa sababu moyo unapiga."

"Moyo sikuutaja."

"Unasema ni mtu kwa sababu siku moja atakuwa mtu."

"Hapana, dada. Mtoto wa mfalme siku moja atakuwa mfalme, lakini leo haamuru jeshi. Ningesema hivyo ningekuwa nimeshindwa tayari. Nimesema ni mtu sasa hivi, ila mdogo."

Dakika ya tisa. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni.

"Unasema wanawake wote waliotoa mimba ni wauaji!"

"Nimemtaja mwanamke yeyote?"

Hakuwa amemtaja. Watu wakaanza kunong'ona.

Kipenga akainama kwenye meza yake. "Redio," akasema kwa upole, "wewe unatangaza tu. Hebu pokea kidogo."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Aibu niliyoipata siwaelezi.

Nikafanya jambo ambalo silifanyi hata kazini. Nikamuuliza mtu swali, nikangoja.

"Aliyezimia umemleta kwa nini?"

Akanieleza. Polepole. Nikamsikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Unasema," nikaanza, sauti imeshuka, "mimi wa leo na kile kiinitete ni kiumbe kile kile, hakijakatika popote. Na ukipima utu kwa uwezo, utaishia kupanga watu kwa madaraja. Kwa hiyo kipimo kiwe ni kuwa kiumbe wa aina yetu, na hilo lipo tangu mwanzo."

Dole gumba likapanda. Kidogo nilie.

Ndipo nikajibu, dakika ya kumi na nane. "Ninayemwita mtu ni yule anayeweza kuhisi kitu. Wanasayansi wengi wanasema ubongo hauna miunganisho ya kuhisi mpaka kwenye mwezi wa sita hivi, ingawa wapo wanaosema mapema zaidi. Aliyezimia keshakuwepo, tunamngoja azinduke. Kiinitete hakijawahi kuwa na wa kuzinduka. Na ubongo ukifa wote, tunasema mtu kaondoka, hata mashine ikiendelea kuupigisha moyo. Kwa nini mwanzo usipimwe kama tunavyopima mwisho? Tena kiinitete cha siku chache kinaweza kugawanyika kikawa mapacha. Sasa pale mwanzo alikuwepo nani kati yao?"

Mdogo wangu akairudia hoja yangu kwa nusu dakika. Aliisema vizuri kuliko mimi. Nikanyoosha dole.

"Mtoto wa siku moja hajitambui," akasema. "Ukidai kujitambua, umemtoa na yeye. Ukishusha mpaka kuhisi tu, umemwingiza ng'ombe. Unasimama wapi? Na kuna minyoo ukiikata inakuwa miwili. Kabla ya kukatwa haukuwa mnyoo mmoja?"

"Nasimama kwenye kuhisi," nikasema. "Ng'ombe nitakuja kumjibu mwezi ujao."

Kipenga hapigishi kura. Anapuliza, watu wanakunywa chai wakiendelea kubishana.

Nikamfuata mdogo wangu nyuma, kwenye karo, alikokuwa anaosha vikombe.

"Yale maharage umeyarudia, dada," akasema bila kugeuka.

"Nimeyarudia? Niliyasema lini?"

"Kwa mama, mezani. Taarifa ya habari ilikuwa inazungumzia sheria ya kutoa mimba. Ukasema wiki tisa ni punje ya maharage, nani analilia maharage. Mlicheka wote." Akafunga bomba. "Ilikuwa siku ya nne tangu niruhusiwe hospitali. Mimba yangu ilikuwa ya wiki tisa. Iliharibika yenyewe."

Nikashika ukingo wa karo.

"Kwa hiyo," nikasema hatimaye, "unaamini alikuwa mtu."

"Unaona? Umeanza tena." Akatabasamu kwa uchovu. "Nilichota karatasi tu. Mwenyewe siku nyingi niko na mama wa mikate. Siku nyingine niko na wewe. Nililia wiki mbili na sijui nilimlilia nani. Machozi yangu hayamthibitishi mtu. Yupo mwenzangu kazini alitoa mimba, hakulia hata kidogo, na yeye hathibitishi kitu."

"Sasa kama msimamo wangu hauna shida, nilikukosea nini?"

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na moja.

"Siku ile nilikuja kwa mama kwa ajili yako. Nilitaka kukwambia wewe kabla ya mtu yeyote. Nilikaa kiti cha pembeni yako, nikangoja umalize kuongea."

Nililia, jamani. Nililia kwenye karo la maktaba, na watu wanakuja kurudisha vikombe.

Nikamwomba radhi, halafu nikanyamaza. Mteja wangu wa saa saba alipiga simu mara tatu, sikupokea. Mdogo wangu aliongea mpaka mlinzi akaja na funguo.

Wa kwenye maoni msinishambulie. Msimamo wangu ni ule ule, na wa fundi, wa mama wa mikate na ule aliouchota mdogo wangu sasa naweza kuwaelezeni bila kuupaka matope.

Funzo langu ni hili. Bishaneni, hili jambo ni zito na linastahili ubishi. Ila utani wake uacheni. Mimi nilikuwa na jibu la mtu anaanza lini, na mtu mzima, damu yangu, alikaa ubavuni kwangu jioni nzima akiningoja, sikumwona.