Milioni Moja na Laki Mbili Zisizoonekana

Mke wangu ana kawaida ya kupekua mifuko kabla ya kufua. Jumapili ile akakuta bahasha ndani ya suruali yangu ya kazini, akaifungua palepale kibarazani na mikono yake yenye povu.

Mie nilikuwa ndani nikifunga kamba za viatu. Nikasikia sauti yake, ya upole mno kwa mtu wa sokoni Tandale anayeuza mchele kwa kelele siku sita kwa wiki.

"Baba watoto, milioni ishirini na tatu?"

Nilijua ameona nini. Ijumaa iliyotangulia kazini, stoo ya vifaa vya ujenzi huko Keko, dada wa utumishi alitugawia kila mtu karatasi yake. Tulikuwa tumelalamika sana juu ya mshahara, na yeye akatuambia tusiangalie kinachoingia benki peke yake. Karatasi ilijumlisha kila kitu ambacho kampuni inamtolea mfanyakazi kwa mwaka mzima, na mstari wa mwisho ulikuwa wa herufi nene: 23,000,000.

Alishagawanya kwa kumi na mbili kwenye simu. "Milioni moja na laki tisa kwa mwezi. Wewe unaniambia milioni moja na laki na ushee. Miaka yote hii unanifanya mjinga?"

Hapo nilistahili kukasirika, na nilikasirika kweli, kwa sababu kwenye mshahara sijawahi kumdanganya. Nikatoka nje, nikamvutia kigoda. Nikajifanya mwalimu, nikaweka kidole juu ya karatasi.

"Tuanze hapa. Mshahara na posho za nyumba na usafiri, milioni kumi na nane kwa mwaka. Hiyo ni kabla ya kodi, na kabla ya asilimia kumi yangu ya mfuko wa pensheni. Kinachobaki ndicho unachokijua."

Alipiga hesabu, akaitikia kwa kichwa. Nikapata nguvu.

"Hii milioni na laki nane ni mchango wa mwajiri kwenye pensheni. Siishiki mkononi, inakaa kwenye mfuko huo wa pensheni mpaka nizeeke. Hii milioni na laki tisa ni bima ya afya, yetu sie na watoto. Inalipwa kwa kampuni ya bima. Ndiyo ile kadi uliyojifungulia."

"Kumbe ile ina bei hivyo," akasema, na uso wake ukaanza kulegea.

"Na hii laki moja ni bima ya maisha. Hiyo utaipata wewe nikifa."

"Toka hapa!" Akacheka, akanipiga begani na mkono wenye maji.

Nilipaswa kusimama pale pale. Badala yake kidole changu kiliruka mstari mmoja, kikatua kwenye jumla, nami nikasema kwa haraka, "Basi, ndiyo hiyo ishirini na tatu yako." Miguu ilikuwa haitulii. Nikaanza kutafuta pa kwenda, nikakumbuka ghafla kwamba gesi imekaribia kuisha.

Ila yeye ni mtu wa mizani. Alikuwa anajumlisha kila nilichotaja.

"Ishirini na moja na laki nane," akasema. "Imepungua milioni moja na laki mbili."

"Labda umekosea kubonyeza."

Akarudia taratibu. Ikatoka ileile. Kisha akaivuta karatasi kutoka kwangu, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari mpaka akaufikia niliouruka: Bonasi ya mwaka, imelipwa mwezi Machi.

Mwezi huo nilimwambia kampuni imesema mwaka umekuwa mbaya, bonasi hakuna. Baada ya makato zilinibaki kama laki nane, zote nikazipeleka kijijini kwa bati la nyumba ya baba, kwa kuwa kaka zangu walinisema Krismasi na roho ikaniuma. Ningemwambia tu, angekubali. Niliogopa angesema ada kwanza.

"Iliingia?"

"Iliingia."

Alitazama ukutani, pale ilipokuwa meza ya cherehani yake. Sakafu bado ina alama nne za miguu yake. Mwezi huo huo wa Machi aliiuza ili tulipe ada ya mtoto, na mie ndiye niliyemsaidia kuibeba mpaka kwenye bajaji, nikimwambia pole.

"Kabla ya cherehani, au baada?"

Nilizitazama zile alama nne.

"Kabla," nikasema.

Aliikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaiweka kwenye faili la vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kisha akarudi kwenye beseni, akaitoa suruali yangu kwenye maji, akaiweka pembeni bila kuifua.